Andiko la mkopo limerudishwa: "Sentensi haziishi". Nisaidieni kwenye hizi koma

CherehaniSita

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa lugha, siyo wa biashara. Nina karakana ya ushonaji, niliandika andiko la kuomba mkopo wa mashine, limerudi na maneno mawili pembeni kwa kalamu. La kwanza: "Sentensi haziishi." La pili: "Sijaelewa fedha zinatatua nini." Nimepewa siku 14 kulirekebisha. Nimelisoma mara nyingi, kwangu linaeleweka vizuri, sioni kosa liko wapi. Aya iliyozungushiwa duara ni hii:

"Karakana yetu ilianza mwaka 2019 ikiwa na cherehani 2, sasa tuna 6, wateja wameongezeka, tunapokea oda za sare za shule kila mwisho wa mwaka, tunashindwa kumaliza kwa wakati, mwaka jana tulikataa oda 3, tunaomba mkopo wa kununua cherehani 4 za umeme na mashine ya ovaloki, tutaajiri mafundi 2, mapato yataongezeka tutaweza kurejesha mkopo ndani ya miezi 18."

Nilijirekodi kwa sauti kwenye simu, binti yangu akachapa. Je, koma zimezidi au zimepungua?

NuktaNaHerufiKubwa

Dada, koma zimezidi. Mimi ni mwalimu na kosa hili nalisahihisha kila wiki. Dawa yake ni fupi: ukiona koma, ifute, weka nukta, anza na herufi kubwa. Na sentensi isizidi maneno 15. Ukifanya hivyo hakuna atakayekurudishia tena.

Mizani77

Pole sana dada. Mimi koma hizohizo zilinitesa. Kwenye bajeti yangu niliandika 1,500 kwa koma, ukurasa unaofuata nikaandika 1.500 kwa nukta, msomaji akadhani ni moja na nusu. Jumla zikagoma kukubaliana, nikaitwa kujieleza. Chagua mtindo mmoja wa kutenganisha elfu, uufuate hadi mwisho.

CherehaniSita

Asante Mizani, hilo nitaliangalia kwenye jedwali la bajeti. Ila kilichozungushiwa duara ni maneno, siyo namba.

Mwalimu, nimefanya ulivyoelekeza:

"Karakana yetu ilianza mwaka 2019 ikiwa na cherehani 2. Sasa tuna 6. Wateja wameongezeka. Tunapokea oda za sare za shule kila mwisho wa mwaka. Tunashindwa kumaliza kwa wakati. Mwaka jana tulikataa oda 3. Tunaomba mkopo wa kununua cherehani 4 za umeme na mashine ya ovaloki. Tutaajiri mafundi 2. Mapato yataongezeka tutaweza kurejesha mkopo ndani ya miezi 18."

Sentensi sasa zinaisha, nakubali. Lakini nikisoma naona kama ninampigia mtu simu ya salio dogo. Na lile swali la fedha zinatatua nini naona bado lipo palepale.

KalamuNyekundu

Dada CherehaniSita, umeona vizuri. Nimekaa miaka mingi kwenye kamati zinazosoma maandiko ya namna hii, na hayo maneno mawili uliyoandikiwa pembeni ni kosa moja lililosemwa mara mbili. Nitaeleza taratibu.

Kuzungumza kuna sauti. Ulipokuwa unajirekodi, ulipofika "tunashindwa kumaliza kwa wakati" bila shaka sauti ilishuka, na ulipofika "tunaomba mkopo" ilibadilika. Aliyekusikiliza angejua kwamba hapa ni sababu na pale ni ombi. Binti alipochapa, kila pumzi ikawa koma, na koma haisemi chochote kuhusu sababu wala ombi. Inasema tu "endelea". Msomaji wa kamati anabaki na mambo kumi yaliyopangwa kwenye mstari kama watu wasiofahamiana.

Mwalimu ana haki kwa nusu. Koma haina nguvu ya kushikilia sentensi mbili zinazojitegemea. Lakini ukiibadilisha kila moja kuwa nukta, umewatenganisha wale wasiofahamiana, hujawatambulisha.

Anza hivi. Chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi chenye nafsi na wakati, yaani kile ambacho ukikisoma peke yake mtu hasubiri neno jingine: *ilianza*, *wameongezeka*, *tutaajiri*. Vitenzi vya *ku-* kama *kununua* na *kumaliza* viache, haviwezi kusimama vyenyewe. Vyenye *-ki-*, kama *ikiwa*, navyo viache, kwa sababu vinaegemea kitenzi kingine. Viache pia vyenye *-po-* ya wakati na vyenye *amba-*. Ukimaliza, niambie umepata vingapi.

CherehaniSita

Shikamoo mzee. Nimepata 9: ilianza, tuna, wameongezeka, tunashindwa, tulikataa, tunaomba, tutaajiri, yataongezeka, tutaweza. "Tunapokea" nimeiacha kwa kuwa ina *-po-*.

KalamuNyekundu

Marahaba. Ni 10. Hiyo *po* ya "tunapokea" ni mali ya kitenzi chenyewe, *pokea*. Ingekuwa *-po-* ya wakati, ungeona *po* mbili zikifuatana: *tunapopokea*. Jisomee zote mbili kwa sauti. "Tunapokea oda za sare." Imetosha, unaweza kuondoka. "Tunapopokea oda za sare…" Hapo mtu anasubiri umwambie kinachotokea. Tofauti hiyo ndogo itatufaa baadaye, ikumbuke.

Kwa hiyo una sentensi 10 zinazojitegemea, koma 8 zilizobeba mzigo usio wao, na sehemu moja ambayo haina alama kabisa: "mapato yataongezeka tutaweza kurejesha". Angalia kwamba hiyo ya mwisho imepita salama hata kwenye marekebisho ya Mwalimu, kwa sababu yeye alikwambia utafute koma, na pale hapakuwa na koma ya kutafuta. Sentensi zilizogongana bila alama hazionekani kwa kuwinda koma. Zinaonekana kwa kuhesabu vitenzi.

Sasa nenda kwenye kila kiungo, kati ya kitenzi kimoja na kinachofuata, ujiulize: hiki cha pili kimetokea *kwa sababu ya* kile cha kwanza? Kimetokea *baada yake*? *Kinakipinga*? Au hakihusiani nacho kabisa? Usiandike chochote kwanza, jibu tu. Na nina swali langu kwenye kiungo kimoja. Umesema "tunashindwa kumaliza kwa wakati, mwaka jana tulikataa oda 3". Mnashindwa kwa sababu mashine hazitoshi au mafundi hawatoshi? Andiko halisemi, na ombi lako lina vyote viwili.

NuktaNaHerufiKubwa

Mzee nakubali hilo la sehemu isiyo na alama, sikuliona. Ila maneno 15 siachi. Sentensi ndefu ndiyo chanzo cha yote haya.

KalamuNyekundu

Mwalimu, urefu si kipimo. "Nimechoka, naondoka" ni maneno mawili na kasoro ileile ya koma imo. Na hii hapa ina maneno 22 na haina kosa lolote: "Mkopo huu utatumika kununua mashine 2, kulipia mafunzo ya fundi mmoja, kutengeneza meza ya kukatia vitambaa na kulipia umeme wa miezi 3." Koma zote humo ni halali, kwa sababu zinatenganisha vitu vya orodha moja vinavyoning'inia kwenye kitenzi kimoja, *utatumika*. Ukizigeuza kuwa nukta utapata "Kulipia mafunzo ya fundi mmoja." iliyosimama peke yake, na hiyo siyo sentensi.

CherehaniSita

Mzee, swali lako limenikalisha. Nimekwenda karakanani kumuuliza fundi mkuu wangu, sikutaka kujibu kwa kubahatisha. Ukweli ni huu. Cherehani 6 na mafundi 6 wanatosha. Kinachokwamisha ni ovaloki, tunayo moja tu, na kila nguo lazima ipite pale kingo zisifumuke. Msimu wa sare nguo zinalala siku 2 hata 3 zikisubiri ovaloki, mafundi wanakaa. Oda zile 3 tulizikataa kwa ajili ya foleni hiyo.

Na mimi kwenye andiko niliomba cherehani 4 na ovaloki 1.

Mizani77

Hapo sasa hata bajeti inabadilika.

KalamuNyekundu

Inabadilika, na ndiyo maana aliyeandika pembeni aliuliza fedha zinatatua nini. Ile koma ilikuwa imekaa mahali pa "kwa sababu", na kwa kuwa "kwa sababu" haikuandikwa, hata wewe mwenyewe hukulazimika kujua sababu ni ipi. Maandiko mengi niliyoyasoma yanafunikwa hapohapo, kati ya tatizo na ombi.

Sasa viungo. Si kila kimoja kinahitaji dawa ileile.

"Ilianza mwaka 2019 ikiwa na cherehani 2, sasa tuna 6." Hapa ni ukuaji wa kitu kimoja, *na* inatosha: "…cherehani 2, na sasa ina 6." Nimebadilisha pia *tuna* kuwa *ina*, ili anayetajwa abaki karakana.

"Wateja wameongezeka." Hii iondoe. Cherehani kutoka 2 hadi 6 zimeshaisema, na hujatoa idadi ya wateja.

"Tunapokea oda… tunashindwa kumaliza." Hapa itumie ile *tunapopokea*. Sentensi mbili zinakuwa moja, na koma iliyokuwa kosa inakuwa sahihi, maana upande wa kwanza sasa unaegemea wa pili.

"Tunashindwa… tulikataa." Sababu na matokeo, basi sababu iandikwe kwa jina lake.

Kabla ya "tunaomba" weka nukta, bila huruma. Ombi lianze sentensi yake. Msomaji mwenye maandiko mengi mezani hupitisha jicho akitafuta neno hilo, asilikute katikati ya mstari wa saba.

"Mapato yataongezeka tutaweza kurejesha." Jiulize yataongezeka kutokana na nini. Jibu lako ndilo litakaloanza sentensi.

IsimuKidogo

Mzee naomba niingie. Kwenye sababu na matokeo mimi ningeandika: "Tuna ovaloki moja, hivyo mwaka jana tulikataa oda 3." Koma ikifuatwa na *hivyo* ni sahihi, kwa sababu *hivyo* inafanya kazi ya kiunganishi kama *lakini* au *bali*. Wapo wanaosema lazima iwe nukta au nuktamkato kabla ya *hivyo*. Naona wamechukua kanuni ya lugha nyingine na kuileta kwetu.

NuktaNaHerufiKubwa

Mimi ni mmoja wao. *Hivyo* inahamahama. Unaweza kusema "tulikataa hivyo oda 3" na "hivyo tulikataa oda 3". *Lakini* huwezi kuihamisha namna hiyo. Kinachohama siyo kiunganishi.

IsimuKidogo

Mwalimu, "tulikataa hivyo oda 3" mimi siisemi, na ukiisema, *hivyo* inakuwa na maana ya "kwa namna hiyo". Ni neno jingine. Ungenitolea mfano wa *hata hivyo* ningekuelewa, maana hiyo inahama kweli: "oda 3, hata hivyo, tulizikataa". Kabla ya *hata hivyo* ninaweka nukta, sibishani.

KalamuNyekundu

Kwenye *hata hivyo* tuko pamoja, nukta kabla yake. Kwenye *hivyo* na *kwa hiyo* nimewaona wahariri wazuri wakifanya yote mawili, na mimi mwenyewe huacha koma ikiwa pande zote mbili ni fupi. Kwa andiko la mkopo humshauri mtu aanze na "Kwa sababu ya" mwanzoni mwa sentensi, mabishano haya yasimfikie.

Mbunifu_wa_Ripoti

Wakuu, nimejifunza. Nami nina ripoti ya robo mwaka ya mkopo nilioupata, nimeandika: "Tulipokea fedha, tukanunua mashine, tukaifunga, tukaanza uzalishaji wiki iliyofuata." Kwa hesabu ya mzee hapo kuna vitenzi 4 na koma 3. Nimekosea?

KalamuNyekundu

Hujakosea. *-ka-* inabeba mfuatano ndani yake, kila *tuka-* inamwambia msomaji kwamba hiki kimefuata kile. Uhusiano umeshaandikwa ndani ya kitenzi, koma inapumzisha tu. Ndiyo maana sikuitaja *-ka-* kwenye vile vya kuhesabu, haipendi kusimama bila kitu kabla yake.

Lakini angalia mambo mawili. *-ka-* inaonyesha mfuatano, haionyeshi sababu. "Mashine iliharibika, tukakataa oda" inasomeka kama matukio mawili ya siku moja. Kama la kwanza ndilo lililosababisha la pili, liandike. Na kwenye mpango wa mambo yajayo *-ka-* haikufai, kule tumia "tutanunua mashine, kuifunga na kuanza uzalishaji", kitenzi kimoja chenye *-ta-* na vingine vya *ku-* vikikifuata.

Mbunifu_wa_Ripoti

Nimekupata mzee.

CherehaniSita

Nimekaa nayo tangu jioni. Nimebadilisha na ombi lenyewe baada ya kukaa na fundi mkuu. Tazameni:

"Karakana yetu ilianza mwaka 2019 ikiwa na cherehani 2, na sasa ina 6. Mafundi wetu 6 hushona kwa kasi ya kutosha, lakini kila nguo hupitia mashine moja tu ya ovaloki ili kingo zisifumuke. Tunapopokea oda za sare za shule mwishoni mwa mwaka, nguo hukaa siku 2 hadi 3 zikisubiri mashine hiyo. Kwa sababu ya foleni hiyo, mwaka jana tulikataa oda 3. Tunaomba mkopo wa kununua ovaloki 2 na cherehani 2 za umeme, mashine hizi zitaondoa foleni. Tutaajiri fundi mmoja wa ovaloki. Tutakapoacha kukataa oda, mapato ya msimu wa sare yataongezeka na kutuwezesha kurejesha mkopo ndani ya miezi 18."

NuktaNaHerufiKubwa

Imetulia sana dada. Imebaki moja: "…cherehani 2 za umeme, mashine hizi zitaondoa foleni." Kitenzi *tunaomba*, kitenzi *zitaondoa*, katikati koma tupu.

IsimuKidogo

Iunganishe kwa *amba-*: "…ovaloki 2 na cherehani 2 za umeme ambazo zitaondoa foleni."

KalamuNyekundu

Mwalimu ameikamata. Lakini Isimu, ukiweka *ambazo* pale inazishika ovaloki na cherehani kwa pamoja, na dada ametuambia sentensi tatu juu kwamba cherehani hazina foleni. Kisarufi itapita. Mwenye jicho kali kwenye kamati ataiuliza: kama cherehani zinatosha, hizi 2 ni za nini?

CherehaniSita

Za kubadilisha zile 2 za mwaka 2019. Ni za kukanyaga kwa mguu na zinakatika uzi kila mara, fundi anasimama kurekebisha. Sikuandika kwa kuwa mimi ninajua.

Basi nimeivunja hivi: "Tunaomba mkopo wa kununua ovaloki 2 na cherehani 2 za umeme. Ovaloki zitaondoa foleni hiyo. Cherehani zitachukua nafasi ya zile 2 za mwaka 2019, ambazo hukata uzi mara kwa mara na kumsimamisha fundi."

KalamuNyekundu

Hapo sawa. Na *ambazo* ya mwisho ina koma kabla yake, iache, kwa kuwa cherehani za 2019 zinajulikana ni zipi na wewe unaongeza maelezo tu juu yake.

Sentensi ya miezi 18 haina kosa la lugha, ila itakuomba namba. Oda 3 zile zilikuwa za nguo ngapi? Hiyo iweke kwenye jedwali, siyo kwenye aya.

Mizani77

Na kwenye jedwali, dada, elfu kwa koma, kote.

CherehaniSita

Nimeipata, daftari la oda ninalo, nitazihesabu asubuhi. Nimefungua ukurasa wa pili, ule wa "Soko na washindani". Aya ya kwanza ina vitenzi 14 na nukta moja. Nimeshaanza kupigia mistari, nikikwama kwenye kiungo nitarudi hapa.